Trekta lenye kadi na lisilo na kadi: hesabu ya mnunuzi

Anayetafuta trekta lililotumika Ifakara, Mbarali au Babati hukutana na bei mbili kwa chuma kile kile. Lenye kadi ya usajili lina bei yake. Lisilo na kadi hushuka kwa milioni kadhaa, na muuzaji wake ana maneno tayari: trekta si gari, kazi yake ni shambani, kadi ya nini? Mnunuzi mwenye pesa ya msimu mmoja mkononi husikia maneno hayo na kuona ameokota. Nimefuatilia hesabu za pande zote mbili, na kwa maoni yangu punguzo hilo ni ghali kuliko bei kamili. Nitaeleza kwa takwimu za Tanzania, kwa sababu ada na taratibu za kila nchi ni zake.

Tuanze na hoja ya shambani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza chombo cha moto au tela kutumika barabarani bila kusajiliwa. Ni kweli trekta lisilotoka nje ya mipaka ya shamba halikutani na askari wa barabarani. Lakini ni trekta gani hilo? Dizeli iko mjini, fundi yuko mjini, na mkopo wa kulinunulia haulipiki kwa kulima ekari zako kumi peke yake. Utalimia majirani, na kwenda kwa jirani ni barabara. Ukifika msimu wa mavuno utafunga tela na kubeba magunia hadi ghalani. Trekta la mkulima mdogo liko barabarani karibu kila siku ya kazi.

Kinachosajiliwa ni trekta lenyewe na tela. Watu wengi husahau tela, wakidhani linatembea na kadi ya trekta. Hapana: tela lina usajili wake, kadi yake na namba yake. Jembe la sahani, haro na mashine ya kupandia havisajiliwi, kwa kuwa ni vifaa vinavyofungwa nyuma ya trekta. Trekta la mkono nalo, likifungwa kitoroli na kuingia barabarani na mizigo, ni chombo cha moto kama vingine, ingawa wengi hulitumia kana kwamba ni baiskeli. Kombaini ina jambo la ziada: upana wa kichwa cha kuvunia. Ikihamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, kichwa hicho hufunguliwa na kubebwa kivyake, na mzigo ukizidi vipimo vya kawaida vya barabara, kibali huombwa TANROADS kabla ya safari. Mwenye kombaini anayekukodishia anapaswa kulijua hilo. Ukiona hajui, muulize pia nani atalipa ikikamatwa njiani mpunga wako ukiendelea kupukutika.

Mnunuzi ana njia tatu za kupata trekta lenye karatasi kamili, na kila moja ina gharama yake ya makaratasi.

Ya kwanza ni kununua jipya kwa muuzaji rasmi. Hapo kazi ya usajili kwa kawaida hufanywa na muuzaji, nawe unatoa TIN, kitambulisho cha taifa na pesa. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni kama bei iliyoandikwa ukutani ina ada ya usajili na namba ndani yake, au hayo yatakuja baadaye. Lipate jibu kwa maandishi kwenye ankara ya awali. Ukinunua kwa mkopo, jina la mkopeshaji huingia kwenye kadi pamoja na lako mpaka deni liishe, na kadi halisi hubaki kwake. Hilo ni jambo la kawaida. Tatizo huja deni likiisha na mkulima akaridhika na risiti ya mwisho bila kudai barua ya kuachilia. Miaka mitano baadaye akitaka kuuza, jina la benki bado liko pale, na ofisa aliyemhudumia alishahamishwa.

Ya pili ni kuagiza lililotumika nje ya nchi. Habari njema ni kwamba trekta la kilimo linaingia kwa ushuru wa forodha wa asilimia 0 chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na limesamehewa VAT. Ndiyo maana hesabu ya trekta bandarini haifanani na ya gari dogo. Gharama zinazobaki ni za bandari, wakala wa forodha, tozo ndogo za uingizaji na usajili. Lakini nafuu hiyo inategemea maelezo yaliyoandikwa kwenye tamko la forodha. Kichwa cha semi nacho kwa lugha ya forodha ni trekta, na hakitendewi sawa na trekta la kulimia. Wakala akikosea aina ya bidhaa, utadaiwa pesa usizostahili kulipa, na wakati unabishana gharama za kuhifadhi mzigo zinahesabika kila siku. Omba kusoma tamko kabla halijawasilishwa, na uangalie mambo matatu tu: aina ya chombo, namba ya chesisi, namba ya injini.

Njia ya tatu, ambayo wengi wetu huishia nayo, ni kununua lililotumika hapa hapa na kuhamisha umiliki TRA. Hapa ndipo kadi inapopimwa thamani yake, kwa hiyo tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme kuna trekta la nguvu farasi 50 hivi, lenye kadi, kwa shilingi milioni 28. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, yaani 280,000. Ada ya kuhamisha umiliki wa gari ni 50,000. Kadi mpya ni 50,000, baada ya bajeti ya 2019/20 kuipandisha kutoka 10,000. Jumla ni 380,000. Ukinunua pamoja na tela la milioni 4, ongeza 40,000 za stempu, kisha uhamisho na kadi yake. Wakili wa kushuhudia mkataba wa mauziano analipwa kwa makubaliano. Kwa jumla makaratasi yote, tela likiwemo, hayavuki sana laki sita. Kama unalimia watu kwa 60,000 kwa ekari, hiyo ni kazi ya ekari kumi kabla ya kutoa mafuta na dereva. Trekta zima hufanya hizo kwa siku mbili.

Sasa liweke pembeni yake lisilo na kadi kwa milioni 24. Umeokoa milioni 4, na laki tatu na themanini za uhamisho hukuzitoa. Lakini benki hailipokei kama dhamana, kwa hiyo mkopo wa pembejeo utatafuta rehani nyingine, pengine hati ya shamba. Kampuni ya bima itasita kuandika bima ya chombo kisicho na namba. Likiibiwa, utaenda polisi kueleza umiliki wa kitu ambacho hakuna daftari la serikali linalosema ni chako. Na siku ya kuuza, mnunuzi wako naye atataka apunguziwe milioni 4 zile zile, huenda na zaidi, kwa kuwa litakuwa limezeeka. Punguzo ulilopewa linarudi kwa mwingine. Wewe umelishikilia kwa muda tu, na muda wote huo umebeba hatari yake.

Kuna pia wanaosema watanunua bila kadi kisha watasajili wenyewe. Inategemea kwa nini kadi haipo. Kama ilipotea na mwenye jina yupo, ni jambo jepesi: yeye mwenyewe anatoa taarifa ya upotevu polisi, anaomba nakala TRA, kisha anakuhamishia. Afanye hayo kabla hujalipa. Kama mwenye jina amefariki, watoto hawana mamlaka ya kuuza, hata wakikubaliana wote mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Omba kuona uteuzi huo na usome jina lililomo. Kama trekta lilikuwa la chama cha ushirika au la kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuuza ndio unaokulinda siku mwanakikundi mmoja atakapoibuka kudai hakushirikishwa. Lakini kama trekta halijawahi kusajiliwa kabisa na hakuna karatasi ya forodha inayoonyesha lilivyoingia nchini, achana nalo. Bila karatasi ya kuingilia huna pa kuanzia, na mzigo wa kueleza lilipotoka unahamia kwako.

Kabla hujafika kwenye bei, soma namba kwenye chuma. Hili ndilo linaloangusha uhamisho mwingi wa matrekta, na sababu yake ni umbo la trekta lenyewe. Kwenye gari, namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu au bodi. Matrekta mengi ya kulimia hayana fremu: injini, nyumba ya klachi, gia boksi na ekseli ya nyuma vimefungwa boliti kwa boliti, na hivyo ndivyo vinavyokuwa mwili. Kwenye fomu ya usajili, nafasi ya chesisi hujazwa namba ya mfululizo ya kiwanda. Kwenye Massey Ferguson nyingi za zamani namba hiyo iko kwenye kibati kidogo kilichopigwa ripiti karibu na dashibodi. Namba ya injini, ambayo kwa matrekta hayo mara nyingi ni Perkins, imegongwa kwenye bloku yenyewe, chini ya tope la oili na vumbi la miaka mingi.

Nenda na kitambaa, dizeli kidogo kwenye kopo, na chaki. Sugua mpaka chuma kionekane, paka chaki juu ya namba, kisha pangusa taratibu. Chaki hubaki ndani ya michoro na tarakimu husomeka. Piga picha. Linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu, ukikumbuka kwamba herufi O na sifuri, herufi I na moja, 8 na 3 huchanganywa na waandishi. Halafu angalia ripiti za kibati. Ripiti za kiwanda zinafanana zote na zina kutu sawa na chuma kinachozizunguka. Ukikuta skrubu, au ripiti mbili mpya zinazong'aa juu ya kibati kilichochakaa, kibati kimetoka mahali pengine. Kwenye bloku, ukiona eneo la namba limesagwa laini kuliko pembeni yake, simama hapo hapo.

Namba ya injini ikitofautiana na kadi, usiharakishe kumwita mtu mwizi. Injini za trekta hubadilishwa. Bloku ikipasuka, mwenyewe hununua nyingine iliyotumika na kazi inaendelea. Kosa ni kutopeleka taarifa ya mabadiliko kwenye usajili. Mwambie muuzaji arekebishe kwa jina lake, akiwa na risiti ya injini aliyonunua. Ukikubali kurekebisha mwenyewe baada ya kulipa, utahitaji saini na risiti za mtu ambaye hana tena haraka ya kukusaidia.

Fomu zenyewe si ngumu, ila zina mitego midogo. Pale panapotakiwa ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo, watu huandika nguvu farasi kwa sababu ndiyo lugha ya sokoni. Massey Ferguson 240 yenye Perkins ya silinda tatu ina ujazo wa takriban 2,500, na nguvu yake ni karibu farasi 50. Ukiandika 50 kwenye nafasi ya ujazo, maombi yatarudi. Jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na kwenye TIN, majina yote matatu kwa mpangilio ule ule. Na bei kwenye mkataba iwe ya kweli. Wapo wanaoandika milioni 10 badala ya 28 ili kupunguza stempu. TRA ina uwezo wa kuitathmini upya thamani, na wewe unabaki na mkataba unaosema ulitoa milioni 10. Mauziano yakivunjika mahakamani, hizo ndizo utakazorudishiwa, baada ya kuokoa laki moja na themanini.

Ada ya mwaka ya leseni ya magari haipo tena. Ilifutwa mwaka 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza ya shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Kwa mwenye trekta ina maana unalipia barabara hata kwa dizeli inayochomwa katikati ya shamba: lita elfu moja kwa msimu ni 40,000. Kwa hiyo hofu ya wazee kwamba ukisajili utaandamwa na ada kila mwaka haina msingi sasa. Kilichobaki kukagua ni faini za barabarani zilizolimbikizwa kwenye namba ya trekta au ya tela. Zitazame kwenye mfumo wa polisi kabla ya kusaini, na anayedaiwa azilipe.

Tukija kwa dereva, hapa ndipo wenye matrekta wengi hubana matumizi pasipofaa. Kijana ameendesha Fuso miaka sita, ana leseni, basi anapewa trekta. Leseni ya Tanzania imegawanywa kwa madaraja, na mashine za kilimo na za migodini zina daraja lake, G. Mwenye D au E hana ruhusa ya trekta kwa sababu tu amezoea magari makubwa. Muombe leseni, igeuze, usome madaraja yaliyoandikwa na tarehe ya mwisho.

Gharama ya kulipata daraja hilo ni hii. Leseni ya kujifunzia ni 10,000, ada ya mtihani ni 3,000, na leseni yenyewe ni 70,000 kwa miaka mitano tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu. Jumla 83,000, ukiacha ada ya chuo, ambayo hutofautiana. Mpangilio ni kwamba mwanafunzi anapata leseni ya kujifunzia, anasoma kwenye chuo kinachotambuliwa, anapimwa na askari mkaguzi, anapewa cheti cha umahiri, kisha TRA inapokea malipo na kuchapisha leseni. Mwenye leseni ya madaraja mengine tayari anafuata njia ya kuongeza daraja, si kuanza upya. Mpe fomu ajaze mwenyewe, lakini ukague kwamba G imewekwa alama. Nimeona leseni mpya kabisa zikirudi na B na D, trekta halimo, kwa sababu nafasi hiyo iliachwa wazi na hakuna aliyeisoma tena.

Chagua chuo kwa kuuliza kama kina trekta lenyewe la kufundishia, si picha ukutani. Mwanafunzi anatakiwa afunge jembe kwenye mikono mitatu, arudi nyuma na tela, na ajue kwa nini breki mbili za nyuma hufungwa pamoja kwa kipini kabla ya kuingia barabarani. Shambani breki hizo hutenganishwa ili trekta ligeuke kwa gurudumu moja mwisho wa mstari. Dereva wa lori hakuwahi kukutana na kitu hicho. Akisahau kipini na kukanyaga breki moja akiwa na mwendo na tela lenye magunia, trekta huzunguka na kupinduka. Hiyo ndiyo tofauti ya daraja G na D, na ndiyo sababu 83,000 ni pesa ndogo.

Bima inafuata hapo. Ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria kwa chombo cha moto barabarani. Inamlipa uliyemgonga, haitengenezi trekta lako likilala mtaroni. Bima kubwa inafanya hivyo, ila kwa trekta la umri mkubwa gharama yake huenda isilingane na thamani ya chuma. Kwa trekta la mkopo mkopeshaji ataidai. Kwa la milioni 28 ulilolipa taslimu, linganisha bei za kampuni mbili au tatu, ukiuliza wazi kama inahusu kazi ya kulimia watu kwa malipo. Wengi huandikisha matumizi binafsi kisha wakakodisha msimu mzima. Na ikitokea ajali dereva hana daraja G, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa ikiwa tayari mezani, hata kama stika ni halali.

Kwa hiyo nani achague nini? Mwenye ekari chini ya ishirini asiye na mpango wa kulimia wengine, naona akodi. Makaratasi ni ya mwenye trekta, na yeye ahakikishe tu kwamba dereva anayekuja ana leseni sahihi. Mwenye soko la kulimia majirani, anunue lililotumika hapa nchini lenye kadi, kwa sababu fundi anaweza kulikagua likiwa kazini na umiliki unathibitika kabla pesa haijatoka. Kuagiza nje kunawafaa zaidi watu wawili au watatu wanaoleta matrekta pamoja, wakagawana gharama ya wakala. Jipya la mkopo ni la mwenye kazi ya misimu yote miwili, na aidai barua ya kuachilia siku ile ile anayomaliza deni.

Ada za serikali hubadilika kwa Sheria ya Fedha inayoanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka, kwa hiyo zithibitishe TRA kabla ya kupanga bajeti yako. Na kwenye mkataba, gawanya malipo: sehemu kubwa siku ya kukabidhiwa trekta, kadi na saini za fomu ya uhamisho, sehemu ya mwisho, angalau milioni moja, siku kadi mpya inapotoka ikiwa na jina lako.